Betri mpya, stata mpya, na gari bado inavuta kwa shida

Gari ililetwa kwangu kutoka Kigamboni, mwenyewe kishachoka. "Fundi, betri nimebadilisha, stata nimebadilisha. Sasa nibadilishe nini tena?" Ukiwasha, injini inazunguka polepole kama betri imekufa, ilhali betri ikipumzika inasoma volti 12.6.

Kabla yangu kuna mtu alishapima nyaya kwa omu, mwenye gari akaambiwa ni nzima. Sishangai. Kebo yenye hitilafu ya omu 0.01 tu huwezi kuiona kwenye multimita ya kawaida, maana waya za kipimo chenyewe zina zaidi ya hapo. Lakini stata ikivuta ampia 180, hiyo 0.01 inakula volti 1.8. Ndiyo maana mimi hupima volti zinazopotea njiani, umeme ukiwa unapita. Bila kupiga stata utasoma sifuri kila mahali na kudhani mambo safi.

Nilitoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, gia nikaiweka P, kijana wangu akakaa kwenye ufunguo. Wakati wa kupiga, betri ilisoma 11.0 kwenye vichwa vyake. Kwenye stata zilifika 8.9. Volti 2.1 zimeishia njiani.

Upande wa chanya, pini moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye bolti ya stata, nikapata 0.3. Hiyo naikubali. Upande wa ethi, kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye chuma cha injini, 1.8. Kwangu upande mmoja ukizidi 0.5 nakuwa na wasiwasi.

Hapo nikaanza kukatakata njia. Pini naigusisha kwenye risasi ya kichwa chenyewe, siyo kwenye klempu, kwa sababu kati ya hivyo viwili ndipo uchafu hujificha. Kichwa hadi klempu: 0.05. Klempu hadi kikombe cha kebo kilichofungwa kwenye giaboksi: 1.6. Kikombe hadi injini: 0.15. Kwa hiyo ni kebo yenyewe, wala siyo bolti ambazo kila mtu hukimbilia kuzipiga msasa.

Kwa nje ilikuwa nzuri kabisa. Nikachana mpira karibu na kikombe, unga wa kijani ukamwagika, na shaba iliyobaki ni nyuzi chache nyeusi. Chumvi ya pwani ilikuwa imepenya pale kebo ilipobanwa, ikapanda chini ya mpira.

Niliweka kebo mpya ya unene uleule. Upande wa ethi ukashuka hadi 0.2, stata ikapata volti 10.5, injini ikazunguka kwa kasi yake. Mwenye gari akakumbuka stata ya zamani iko kwenye buti, alitaka kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia, "Bosi, ngoja kwanza niipime."