Siku moja na mhasibu wa gharama: mwisho wa mwezi, siagi na unga

Ukisema unafanya kazi kiwanda cha maziwa, watu wanaanza kuulizia siagi. Ukisema wewe ni mhasibu wa gharama pale, wanabadilisha mada. Wengi wanadhani tunahesabu risiti na kulipa mishahara. Basi leo nawapitisha kwenye siku ya kufunga mwezi, siku ambayo kazi yangu ni kugawa bili moja kwa bidhaa mbili ambazo hakuna kati yao iliyoiomba peke yake.

Saa 2 asubuhi. Barua pepe, saini, benki. Imepita.

Saa 3. Nafungua jedwali la mgawanyo. Kwa asiyejua: maziwa ghafi yanapokelewa, yanapimwa, yanapozwa, kisha yanaingia kwenye mashine ya kutenganisha, inayozunguka kwa kasi mpaka krimu inakwenda upande wake na maziwa yasiyo na mafuta upande wake. Mpaka hapo gharama ni moja. Huwezi kununua krimu ukaacha maziwa mengine kwa mfugaji. Baada ya hapo kila kimoja kina safari yake: krimu inasukwasukwa kuwa siagi, kazi isiyo ghali sana. Maziwa yaliyobaki yanachemshwa mpaka yanakuwa mazito, halafu yanakaushwa kwa hewa ya moto kuwa unga, na mashine hiyo inakula mafuta na umeme kupita kiasi.

Namba nitakazotumia nimezilainisha ili zihesabike kichwani. Zote ni za milioni. Gharama za pamoja, yaani maziwa ghafi na kila kilichofanyika mpaka mtengano, ni 400. Siagi iliyozalishwa ina thamani ya mauzo 300, na kuitengeneza baada ya mtengano kumegharimu 30. Unga una thamani ya mauzo 500, lakini kuukausha na kuupakia kumekula 210.

Zipo njia kadhaa za kugawa ile 400. Sisi tunatumia ile inayozipa bidhaa zote asilimia ile ile ya faida ghafi. Njia nyingine huanza na gharama, na faida inajitokeza yenyewe mwishoni. Hii huanza na faida, kisha gharama za pamoja ndizo zinazojaza pengo.

Hivyo najumlisha kwanza kiwanda kizima. Thamani ya mauzo 800. Gharama zote ni 400, 30 na 210, jumla 640. Inabaki faida ghafi 160, ambayo ni asilimia 20 ya mauzo. Sasa naamuru kila bidhaa ipate hiyo hiyo asilimia 20. Siagi ya 300 lazima ipate faida 60, kwa hiyo gharama zake zote ni 240. Zake mwenyewe ni 30, basi 210 zilizobaki ndizo mzigo wake wa gharama za pamoja. Unga wa 500 unapata faida 100, gharama zake zote 400, ukitoa 210 za kukaushia, unabeba 190. Jumlisha 210 na 190: 400. Isipofika 400 kamili, kuna seli imeandikwa kwa mkono mahali palipotakiwa kanuni.

Imeandikwa haraka hivi, lakini asubuhi hii haikwenda hivyo.

Saa 4 na kitu. Jedwali linanipa asilimia 12 na ushee badala ya 20. Hakuna bei iliyoshuka, wala bili ya ajabu. Asilimia ikidondoka ghafla hivyo bila sababu, mimi siendi kwenye gharama kwanza, naenda kwenye mauzo. Na kweli: ofisi ya mauzo imeniletea unga wa 430.

Napiga simu. Karani ananiambia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, "Dada, ndiyo tuliyouza. Nikuletee ambayo hatujauza?"

Ndiyo, kaka, niletee ambayo hamjauza! Njia hii inataka thamani ya kilichozalishwa mwezi huu, si kilichotoka getini. Gharama ya kukausha, ile 210, imekausha unga wote, pamoja na ule uliobaki ghalani. Ukiweka mauzo ya 430 dhidi ya gharama za unga wa 500, kiwanda kinaonekana kimepata faida 90 tu kwenye mauzo ya 730. Vilevile, mwezi ambao tumeuza akiba ya zamani, makosa hayo hayo yangeipandisha asilimia na kila mtu angefurahia faida isiyo ya mwezi huo.

Kutoka kwa karani nimekwenda kwa mtu wa ghala, kutoka ghala nikarudishwa kwa msimamizi wa uzalishaji, naye alikuwa kwenye kikao. Nimesimama mlangoni kwake nimekumbatia faili, mpaka alipotoka na karatasi ya uzalishaji yenye alama ya kikombe cha kahawa juu ya tarakimu niliyokuwa naitafuta. Ni 500. Unga wa 70 uko ghalani, umepangwa kwenye mapaleti.

Huo unga wa ghalani una raha yake, tena ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuipenda njia hii. Kama faida ghafi ni asilimia 20 kila mahali, gharama ya kitu chochote ni asilimia 80 ya bei yake. Akiba ya 70 kwa bei ya kuuzia inaingia kwenye mizania kwa 56. Mkaguzi akija anaweza kuhakiki akiwa amesimama.

Baada ya mchana saa sikuziangalia tena, kwa sababu mkuu wa kitengo cha siagi alikuja.

Ni mzee mwenye heshima zake, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na ripoti ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, zimekunjwa pamoja. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Dada mhasibu, mwezi uliopita gharama zangu zilikuwa ngapi?"

"40, mzee."

"Na mwezi huu?"

"30."

"Nimetengeneza ile mashine ya kufungia iliyokuwa inachana karatasi. Vijana wangu wamekesha nayo. Nimeokoa 10. Sasa hebu nieleze, kwa nini umeniongezea mzigo wa maziwa?"

Na ana haki ya kuuliza. Mauzo hayakubadilika, gharama za pamoja ni zile zile 400, unga haukubadilika. Mwezi uliopita gharama zote zilikuwa 650, faida 150, asilimia 18.75. Siagi ilitakiwa kupata 56.25, kwa hiyo ilibeba 203.75 za maziwa ghafi. Mwezi huu imebeba 210. Yeye ameokoa 10, mimi nikamrudishia 6.25 kwa mlango wa nyuma. Faida yake imepanda kutoka 56.25 hadi 60, yaani 3.75 tu. Zilizobaki, 6.25, zimekwenda kwa unga, ambao hawakugusa hata bisibisi.

Nilimchorea kwenye karatasi. Kwa njia hii, akiba yoyote, aiokoe nani, inagawanywa kwa uwiano wa mauzo. Siagi ni 300 kati ya 800, kwa hiyo inapata asilimia 37.5 ya kila akiba. Na hasara vilevile: mashine ya kukaushia ikivuja mvuke mwezi mzima, siagi italipa sehemu yake.

"Kwa hiyo mimi nafanya kazi, yule anakula?"

Nikamwambia ukweli: ripoti hii haikutengenezwa kupima kazi yake. Imetengenezwa kupata thamani ya akiba iliyo ghalani na gharama ya bidhaa kwa ajili ya hesabu za kampuni. Akauliza kama njia nyingine zingemtendea haki. Nikampigia hesabu kwa ile inayogawa kwa thamani ya mauzo ukitoa gharama za baada ya mtengano. Hapo siagi ina 270, unga 290, na 400 inagawanywa kwa uwiano huo. Siagi ingebeba karibu 193, na ingebaki na faida 77, karibu asilimia 26. Unga ungebaki na 83, chini kidogo ya asilimia 17. Hata kwa njia hiyo asingebaki na 10 yake yote, angebaki na 6 na kitu. Aliposikia asilimia 26 macho yakamwaka, na nikajua nimejitafutia kikao kingine.

Hoja yake nzito zaidi aliitoa akiwa amesimama kuondoka. "Nani alikuambia siagi na unga vina faida sawa?" Hakuna aliyeniambia. Hilo ndilo dhanio la njia yenyewe, na ni dhanio kubwa, kwa sababu linagawa faida pamoja na gharama. Ndilo linaloleta vichekesho pia. Tukianzisha kesho krimu ya makopo yenye mauzo ya 20 na gharama za makopo na kuchemsha 18, na asilimia ikabaki 20, krimu hiyo inaruhusiwa gharama 16 tu. Tayari imetumia 18. Mgawo wake wa maziwa ghafi utakuwa hasi 2, yaani siagi na unga vitabeba zaidi ya maziwa yote yaliyonunuliwa. Hesabu ni sahihi kabisa, ila mtu yeyote akiiona atasema mhasibu amelewa.

Tulikubaliana hivi: ripoti rasmi haibadiliki, lakini naambatanisha ukurasa wa kila kitengo unaoonyesha gharama zake za baada ya mtengano peke yake, mwezi kwa mwezi, bila mgawo wowote. Pale 40 inakuwa 30, na 10 ni yake. Akaondoka amenuna nusu.

Ripoti nimeituma jua limezama, shingo imekakamaa. Kabla sijazima kompyuta bosi akapiga. Kuna mnunuzi anataka maziwa yote yasiyo na mafuta, yakiwa majimaji, kwa 300 kwa mwezi. "Unga unatupa faida 100 kwenye ripoti yako. Tukatae, si ndiyo?"

Jibu linaweza kuwa ndiyo, lakini si kwa sababu ya ile 100. Ile 100 nimeipanga mimi mezani. Maziwa ghafi tutayanunua tu, kwa hiyo 400 naitoa kabisa kwenye swali. Unga unaleta 500, unatumia 210, unabakiza 290. Mnunuzi anatoa 300. Kwa haraka haraka, anashinda kwa 10. Ila ndani ya ile 210 kuna 25 ya uchakavu wa mashine na mishahara ya watu wa kudumu, ambayo itabaki hata mashine ikizimwa. Kinachookolewa kweli ni 185, kwa hiyo kukausha kunatuachia 315. Nikamwambia akatae 300, na mnunuzi akipanda kupita 315 anipigie tena, ila asubuhi.