Namba 117 na asali ya watu

Leo nimekabidhi kazi ya kuingiza vitabu vya asali kwenye Ekseli. Ilikuwa niikabidhi jana, na ingetoka na kosa.

Mteja ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, hapa Tabora. Alikuja na kaunta buku mbili za mapokezi, zinanukia moshi na nta: tarehe, namba ya mwanachama, idadi ya ndoo, kilo. Akaniuliza, "Mwanangu, kitabu kimoja unachaji shilingi ngapi?"

"Shikamoo mzee. Kwa kitabu sichaji, nachaji kwa mstari."

Kwa kitabu niliwahi kuchaji zamani, nikala hasara. Ukurasa wa msimu umejaa hadi pembeni, wa mwisho wa msimu una mistari michache tu. Kwa hiyo nilihesabu kurasa zilizoandikwa, zikawa 96, nikachagua tatu: mmoja wa mwanzo, mmoja wa katikati, mmoja wa mwisho. Mistari ikawa 31, 24 na 12. Wastani wake ni kama 22, kwa hiyo kazi nzima ni mistari 2,100 hivi. Ule wa mistari 24 nikauingiza palepale huku naangalia saa: dakika 17, maana mwandiko wake unataka subira. Nikampa bei ya shilingi 60 kwa mstari, na malipo kufuata hesabu halisi siku ya kukabidhi. Ilifika 2,087.

Kwenye Ekseli huwa naongeza kolamu ambayo kitabuni haipo: namba ya ukurasa. Ndiyo inayoniwezesha kupata jumla ya kilo ya kila ukurasa na kuilinganisha na ile aliyoiandika katibu chini. A ni ukurasa, C ni namba ya mwanachama, E ni kilo, na 14 ni ukurasa ninaoukagua:

```
=SUMIFS(E:E,A:A,14)
```

Ukurasa mmoja tu ndio uliokataa, kwa tofauti ya kilo 27. Hapo kuna ujanja wa wahasibu wa zamani: tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizopinduliwa. Na 27 ukiigawa kwa 9 unapata 3, maana yake tafuta tarakimu mbili zilizopishana kwa 3. Sikuhangaika, kwa sababu mstari mmoja ulisema ndoo 1, kilo 52. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 haiwezi kuzidi kilo 28 hivi. Kitabuni ilikuwa 25.

Nikafurahi. Kilo zote zimekubali, nikataka kulala. Mazoea tu ndiyo yaliyonifanya nichomoe mistari 100 ovyo ovyo na kuisoma na kitabu mkononi. Wa sitini na kitu: kitabu kinasema mwanachama 117, mimi nimeandika 171. Kilo zake 56 ni sahihi kabisa, ndiyo maana jumla haikulalamika. Asali ipo, ila ya mtu mwingine.

Kosa moja katika mistari 100 maana yake huenda kuna mengine 20 kwenye kazi nzima. Nikamwamsha mdogo wangu. Yeye akasoma namba za wanachama kutoka kitabuni, mimi nikajumlisha kwa kalkuleta, ukurasa kwa ukurasa, kisha nikalinganisha na jumla ya kolamu ya namba:

```
=SUMIFS(C:C,A:A,14)
```

Jumla ya namba za uanachama haina maana yoyote duniani, hakuna anayelipwa kwayo. Lakini namba moja ikikosewa, inapiga kelele. Kurasa tano zilipishana, ukiwemo ule wa 117. Nne zilikuwa tofauti za kugawanyika kwa 9, nikazipata haraka. Ya tano ilipishana kwa 200 kamili: 4 ya katibu inafanana na 2, nikaandika 212 badala ya 412. Ilituchukua saa nne, na mdogo wangu ananidai chipsi mayai.

Njia hii haikamati kila kitu. Ukibadilishana kilo za watu wawili wa ukurasa mmoja, jumla zote mbili zinakubali na unabaki unatabasamu. Kwa hiyo baada ya kusahihisha nilichomoa mistari mingine 100, ikatoka safi, na kwenye makabidhiano nikaandika hivyo hivyo: imekaguliwa kwa jumla za kurasa na mistari 100, siyo kwamba haina kosa.

Katibu alipofungua faili akaweka kidole kwenye kioo. "Hii 6,842 ni kilo?"

"Hapana mzee, ni namba za watu nimezijumlisha."

Akanitazama kidogo. "Za nini?"

Nikamwonyesha 117. Akavua miwani, akasema huyo wa 117 ni shemeji yake.

Kazi ijayo bei ni shilingi 70 kwa mstari.