Picha ya zamani ya mto, usihangaike na maji, angalia daraja: nilivyoipata sehemu aliyopigia baba picha

Naandika hii kwa sababu ushauri niliopewa ulinipotezea muda mwingi na naona watu bado wanapeana uleule. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, Dar mpaka Zambia na kushuka huko chini, na kwenye albamu yake kuna picha amesimama mbele ya lori, nyuma kuna mto mpana na daraja limekatwa na fremu, yaani unaona mnara mmoja tu na kipande cha daraja. Nyuma ya picha hakuna maandishi. Nikataka kujua ni wapi.

Wa kwanza kaniambia angalia rangi ya maji, Zambezi ni ya hivi na Kongo ni ya vile. Jamani, mto uleule masika una tope na kiangazi umetulia, na picha ya filamu ikishakaa miaka kabatini rangi yote imegeuka njano, rangi ya maji haikupeleki popote. Mwingine kaniambia ingiza kwenye simu itafute picha zinazofanana. Nikaingiza, ikaniletea madaraja ya Amerika na Uchina, yale maarufu maarufu, kwa sababu yanapigwa picha kila siku. Na ndugu wengi wakasema moja kwa moja hiyo ni Victoria Falls, kisa tu baba alikuwa anapita Zambia.

Hiyo ya Victoria Falls ndiyo ilinifungua macho, maana hata sijaanza kutafuta nilijua haiwezekani. Daraja la pale, la mwaka 1905, ni tao la chuma, limejipinda kuelekea juu kutoka ukuta wa korongo mpaka ukuta mwingine na barabara na reli zimepanda juu ya mgongo wa hilo tao. Tao linabeba uzito kwa kusukuma kingo za pande zote mbili, ndiyo maana linapenda sehemu yenye mwamba mgumu. Kwenye picha ya baba kuna mnara, na kutoka kileleni kuna kebo inashuka imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, halafu kutoka kwenye hiyo kebo zinashuka waya nyingi zimesimama wima kushika barabara. Hilo ni daraja la kuning'inia. Kwa hiyo kwa kuangalia umbo tu, Victoria Falls imetoka.

Hapa kuwa makini na kitu kimoja, kuna daraja la Birchenough kule Zimbabwe, mto Save, la mwaka 1935, nalo ni tao ila tao lake liko juu na barabara imening'inizwa chini kwa vyuma vya wima. Ukipata picha iliyokatwa unaweza kuapa ni la kuning'inia. Namna ya kutofautisha ni kufuata ule mstari wa juu ukielekea katikati ya mto. Kama unapanda, ni tao. Kama unashuka, ni kebo. Pia tao ni nene, limesukwa vyuma vingi, kebo ni mstari mmoja mwembamba. Na yale mapya ambayo waya zimenyooka kutoka mnarani moja kwa moja mpaka barabarani, kama la Jinja la 2018 au letu la Kigamboni la 2016, hayo ni aina nyingine kabisa, hayana ile kebo iliyolegea.

Basi nikabaki na madaraja ya kuning'inia kwenye mito mikubwa ya ukanda huu, na uzuri ni kwamba ni machache mno. Nikabaki na matatu ya maana: Matadi kwenye mto Kongo, Tete kule Msumbiji na Otto Beit pale Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hayo mawili ya mwisho yote Zambezi. Hapo ndipo utamu ulipo.

Tete kwanza. Lile la 1973 lina minara zaidi ya miwili, mingine imesimama majini kabisa. Sasa mimi nina mnara mmoja tu kwenye picha, nitahesabuje? Nikaangalia pande mbili za mnara. Upande wa mto kebo imepinda na ina waya za wima. Upande wa pili kebo imenyooka kabisa kushuka ardhini na haina waya hata mmoja. Maana yake upande ule kebo haibebi barabara, inavuta tu mnara kwenda kwenye nanga, yaani huo mnara uko ukingoni. Ungekuwa mnara wa katikati ya Tete ungeona kebo imepinda na kubeba barabara pande zote mbili. Hii haijalifuta Tete lote kwa sababu nalo lina minara ya mwisho, lakini imelisogeza mbali.

Kilichomaliza kazi ni kipimo, na hiki nakipenda sana. Madaraja ya kuning'inia mengi kebo inashuka kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wa mnara mpaka mnara, wengine moja ya tisa, wengine moja ya kumi na mbili, lakini humo humo. Na katikati ya mto kebo huwa inakaribia usawa wa barabara. Kwa hiyo ukijua mnara umepanda mita ngapi juu ya barabara, zidisha kwa kumi unapata upana kwa kukadiria. Kwenye picha kulikuwa na lori lingine linaingia darajani, liko pale pale mnarani, na hiyo ndiyo bahati, maana ukitumia lori la baba lililo mbele ya kamera utapata uongo mtupu. Lori lenye mzigo ni kama mita 4 kwenda juu. Nikachukua rula, mnara ukawa kama malori manane na kitu. Hiyo ni mita 32 na ushee, zidisha kwa kumi, mita 320 na kitu.

Sasa linganisha. Nafasi kubwa za Tete ni kama mita 180, mnara wake ungekuwa malori manne au matano. Matadi ni mita 520, ungekuwa malori kumi na tatu. Otto Beit ni mita 320. Hata kama rula yangu imekosea lori zima, bado haifiki kwa hao wengine.

Nikafungua picha za setilaiti za Chirundu kuhakikisha, na pale leo kuna madaraja mawili sambamba. La pili lilifunguliwa 2002 na ni la mihimili, limenyooka juu ya nguzo, halina mnara. Kwenye picha ya baba pembeni kuko wazi, maji matupu. Otto Beit lenyewe ni la 1939, kwa hiyo picha ni ya kabla hilo jipya halijajengwa, na baba mdogo akanithibitishia kwamba lile lori liliuzwa miaka ya tisini.

Ila nisiwadanganye, njia hii inalegea sana ukikutana na daraja la mihimili. Hayo yako kila mto, na kwa mbali yanafanana. Hapo umbo linakupunguzia kidogo tu, inabidi uhesabu nguzo, uangalie kama mihimili ni chuma kilichosukwa au zege, kisha utafute mwaka. Nina picha nyingine ya baba ya namna hiyo, nguzo nyingi za zege. Anasema mama ni Rufiji, lakini daraja la Mkapa limefunguliwa 2003 na kabla ya hapo pale watu walivuka kwa kivuko, na baba alishaacha kazi. Kwa hiyo Rufiji nimeshaitoa, sasa nahesabu nguzo.