Barua nne kwenye mfuko wa plastiki

Mpangaji aliyetufuata katika nyumba ya zamani kule Coventry, Uingereza, alinipigia simu jioni moja ya mwaka 2022. Sauti yake ilikuwa na hofu. "Kaka, amekuja mtu hapa anakuulizia, anasema ametoka kwa madalali wa mahakama." Sisi tulikuwa tumehamia Leicester tangu miezi saba iliyopita. Nikapanda treni kesho yake. Alinikabidhi mfuko wa plastiki wenye barua nne zenye jina langu, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Nilizipanga mezani kwa tarehe. Ya kwanza ilikuwa notisi kwa mwenye gari, iliyonipa siku 28 kupinga faini ya maegesho. Ya pili ilisema sikujibu, hivyo faini ya pauni 50 imeongezwa nusu na kuwa 75. Ya tatu ilikuwa amri ya kudai deni iliyosajiliwa Northampton, kwenye kituo cha mahakama kinachoshughulikia faini za barabarani. Ya nne ilitoka kwa madalali, na humo walikuwa wameweka ada yao ya pauni 75. Kwa kuwa sasa mtu wao alikuwa ameshafika mlangoni, iliongezeka nyingine ya pauni 235. Faini ya maegesho ilikuwa inakaribia pauni 400, na mimi sikuwa nimeona hata barua moja kati ya hizo.

Kilichoniuma ni kwamba faini yenyewe niliijua. Niliikuta kwenye kioo cha gari katika mji jirani. Maegesho nilikuwa nimeyalipia kwa simu, ila nilipoandika namba ya gari niliweka herufi O mahali pa sifuri. Niliwaandikia halmashauri siku ileile kwa barua pepe, nikaweka na risiti. Wakakataa, wakaeleza kwamba nikitaka kuendelea nisubiri notisi kwa mwenye gari. Nikasubiri. Barua pepe ile ilikuwa na anwani yangu mpya, lakini notisi haitumwi kwa anwani uliyoiandika kwenye barua pepe. Inatumwa kwa anwani iliyoko kwenye kadi ya gari, inayotunzwa DVLA, idara ya serikali ya leseni na usajili wa magari. Nilipohama nilibadilisha anwani ya leseni, nikaamini nimemaliza. Kumbe leseni na kadi ya gari ni kumbukumbu mbili tofauti, na kubadilisha moja hakubadilishi nyingine.

Kulikuwa na mama mmoja wa Tanga pale mtaani, mkalimani wa miaka mingi, anayesaidia watu kujaza fomu. Akaniambia zinahitajika mbili, na ziende pamoja: TE9, ambamo unathibitisha kwa saini kwamba notisi hukuipata, na TE7, ambamo unaeleza kwa nini umechelewa kuthibitisha hivyo. Usiku ule nikaijaza TE7 kwa habari za herufi O, risiti na mashine ya maegesho. Aliisoma, kisha akachukua kalamu akakata mistari yote.

"Mwanangu, hapa hawakuulizi uliegesha wapi. Wanakuuliza ulikuwa wapi barua zilipofika. Kesi ya maegesho ina siku yake."

Nikamwambia naogopa kukiri kwamba sikubadilisha kadi ya gari, maana kwa kosa hilo unaweza kutozwa hadi pauni 1,000. Akanitazama. "Unatia saini kwamba unasema kweli. Basi sema kweli yote, kwa tarehe."

Tukaandika upya, mistari michache tu: tarehe niliyohama, kwamba leseni niliibadilisha nikadhani gari nalo limebadilika, kwamba barua zote zilikwenda nyumba ya zamani, kwamba nilizipata mkononi tarehe fulani na ninaandika siku mbili baadaye. Hiyo ya siku mbili aliisisitiza sana, kwa sababu mtu akizipata barua kisha akakaa nazo mwezi mzima, maelezo yake yanapoteza nguvu. Tukaambatanisha mkataba wa nyumba ya Leicester. Anwani ya gari niliibadilisha mtandaoni palepale kwake, kwa kutumia ile namba ya tarakimu 11 iliyoko kwenye kadi, wala haikuhitajika hata senti.

Wiki zilizofuata nilikuwa nikisikia kishindo cha barua kuanguka mlangoni, moyo unapiga. Halmashauri walipewa nafasi ya kupinga ombi langu, na madalali wakasimama wakati huo. Hatimaye Northampton wakajibu: ombi limekubaliwa, amri imefutwa, na ada za madalali zimekwenda nayo. Faini ilibaki, ikarudi kwenye ile 50.

Baada ya hapo ikaja notisi mpya kwa mwenye gari. Niliigeuza bahasha kabla ya kuifungua, nikasoma mtaa wangu, namba ya flati yangu, Leicester. Nilikuwa na siku 28. Nilijibu siku ya pili, na safari hii niliandika habari ya herufi O.