Slabu ya tenki niliyoilaza majini, Nzuguni

Mwezi wa nane Dodoma ukianika nguo saa nne, saa tano unaanua. Kwa upepo huo ndio nilimwaga slabu ya kuwekea tenki la lita 2,000, ambalo likijaa ni tani mbili za maji peke yake.

"Mama, likikauka tu limeshashika," fundi aliniambia. Hapo hatukuelewana. Zege halishiki kwa kukauka. Saruji hushika kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huendelea siku nyingi. Maji yakiishia juani, nayo inasimama pale ilipofikia. Zege lililotunzwa vizuri, siku ya 7 huwa na kama theluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28.

Tulimwaga jioni, jua limepoa. Nyufa nyingi za juu huanza saa za mwanzo: upepo unanyonya maji ya usoni haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini, uso unasinyaa zege likiwa bado laini, unachanika. Kwa hiyo fundi alipomaliza kusawazisha tulifunika na nailoni, tukakandamiza pembeni kwa matofali. Maji nilikataza usiku ule, maana zege bichi ukilimwagia unaosha saruji. Asubuhi nilibonyeza kwa kidole gumba, hakikuacha alama. Ndipo tukaanza.

Desturi ya mafundi wengi ni ndoo asubuhi, ndoo jioni. Kwa upepo wetu, saa sita slabu imeshakuwa nyeupe, na weupe huo maana yake imeacha kunywa. Maji yenyewe mengi yanatiririka chini. Nikamwambia azungushie kingo za udongo wa mfinyanzi ukingoni, tujaze bwawa. Slabu ni mita 4 kwa 3, kina cha maji sentimita 3: lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Kwa bei ya maji ya boza aliguna, lakini baada ya hapo tulikuwa tunaongezea tu kilichopungua. Nguzo haziwezi kubeba bwawa, kwa hiyo tulizivisha magunia yaliyoloweshwa, juu yake nailoni.

Saruji yangu ilikuwa imechanganywa na pozolana, unga wa mawe ya volkano, na saruji ya aina hiyo hupata nguvu polepole, hivyo siku 7 sikuziona zinatosha. Tulikwenda wiki mbili.

Ngazi ya mlangoni ilimwagwa kwa mchanganyiko ule ule, ila vijana waliimwagilia walipokumbuka. Ukiikwaruza kwa msumari inatoa vumbi. Kwenye slabu msumari unateleza, unaacha mstari mwembamba tu. Na vumbi hilo huliondoi kwa kumwagilia sasa hivi. Uso uliokauka mapema umeshakauka.

Mirunda ya chini niliiacha hadi siku ya 28, fundi akinung'unika kwamba ana lenta ya mtu Ihumwa inaisubiri.