Siku moja maishani mwangu: tangazo la uhamiaji kutoka Kirusi kwenda Kiswahili

Saa 1:30 asubuhi. Nimekaa mezani kwangu Sinza, Dar es Salaam, na barua pepe ya kwanza imekwisha kuingia. Saa za Moscow ni zilezile za kwetu, kwa hiyo ofisi za Urusi zinapofunguliwa nami nakuwa tayari nina kikombe cha chai mkononi. Leo nimetumiwa tangazo la ukurasa mmoja kutoka kitengo cha uhamiaji, ambacho tangu mwaka 2016 kiko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Urusi. Mteja ni idara ya chuo kimoja inayohudumia wanafunzi wa kigeni, na anataka tangazo hilo libandikwe bwenini kwa Kiswahili, pembeni ya lile la Kirusi, ili wanafunzi wapya kutoka Tanzania na Kenya walielewe kabla Kirusi chao hakijakomaa.

Nimelisoma mara mbili bila kushika kalamu. Sentensi yake ya kwanza, nikiigeuza neno kwa neno, inasema hivi: «Kwa mujibu wa matakwa ya sheria zinazotumika za Shirikisho la Urusi, raia wa kigeni wanapaswa kuhakikisha uwasilishaji kwa wakati, kwa upande unaopokea, wa nyaraka zinazohitajika kwa ajili ya utekelezaji wa uwekaji katika hesabu ya uhamiaji kwa mahali pa kuwepo.» Mrusi yeyote angeitambua lugha hii papo hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwandishi Kornei Chukovski aliipa jina la «kantselyarit», akilifananisha na majina ya magonjwa yenye mwisho huohuo, kama meninjitisi. Dalili zake zinajulikana: kitenzi kinageuzwa nomino, nomino zinafungwa moja nyuma ya nyingine, na mtendaji anapotea. Badala ya kusema mtu «analipa», barua inasema «anatekeleza ulipaji». Badala ya «kukagua», inasema «kufanya ukaguzi».

Saa 2:15. Kabla ya kutafsiri chochote nachukua kalamu mbili za rangi. Nyekundu ni ya maneno ambayo yakiondoka sheria inaondoka nayo. Kijani ni ya maneno ambayo yapo kwa mazoea ya ofisi tu. Hatua hii siiruki hata nikiwa na haraka, kwa sababu katika barua za Kirusi aina hizo mbili huvaa nguo moja. «Osushchestvlenie», yaani utekelezaji, ni kijani: ukiifuta hakuna kilichopotea. «Deystvuyushchego», yaani sheria «zinazotumika», nayo ni kijani, maana hakuna anayedhani tangazo linazungumzia sheria iliyofutwa. Lakini «mesto prebyvaniya» ni nyekundu. Sheria ya uandikishaji wa wahamiaji ya mwaka 2006, namba 109-FZ, inatofautisha mahali mtu anapokaa kwa muda na «mesto zhitelstva», yaani makazi yake ya kudumu. Kwa mahali pa muda mtu huwekwa kwenye hesabu, na kwa makazi ya kudumu husajiliwa. Nikiandika «usajili wa makazi» kwa yote mawili, mwanafunzi atafika dirishani akiomba kitu ambacho hana haki nacho, na karani atamrudisha.

Saa 3:00. Nimekaa muda mrefu kwenye «prinimayushchaya storona». Neno kwa neno ni «upande unaopokea», na nimewahi kuiona tafsiri hiyo ikibandikwa ukutani, ambapo hakuna aliyejua upande huo ni upi. Kiswahili kina neno lake la kale kabisa: mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayempokea mgeni na kumjibia mbele ya wenye mamlaka, na hiyo ndiyo kazi ambayo sheria ya Urusi inampa mtu au taasisi inayomkaribisha mgeni. Tatizo lake ni dogo: kwetu «mwenyeji» pia ni mtu wa pale pale, na mwanafunzi anaweza kudhani anatakiwa kumtafuta Mrusi wa jirani. Kwa hiyo nimeandika mara ya kwanza «mwenyeji wako kisheria, yaani chuo», na baada ya hapo nikaliacha neno «mwenyeji» likae peke yake.

Saa 4:20. Hapa ndipo rejesta, yaani kiwango cha urasmi wa lugha, inapoamuliwa, nami sikubaliani na wale wanaodhani kwamba lugha nyepesi ni kukata tu. Kiswahili cha ofisi nacho kina mwendo wake ambao Mtanzania ameuzoea tangu barua ya kwanza ya shule: «Kumb. Na.», «Yah:», «Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu». Tangazo la uhamiaji likianza kama ujumbe wa rafiki, mwanafunzi atalidharau au atashuku kwamba ni la matapeli. Likianza kwa mnyororo wa «uwasilishaji wa», «utekelezaji wa» na «uwekaji wa», ataliheshimu bila kulielewa. Kishawishi ni kikubwa kwa sababu viambishi vyetu vya u- na -aji vinalingana vizuri mno na miishio ya Kirusi ya -nie na -tie. Mtafsiri aliyechoka anaweza kuhamisha sentensi nzima bila kufikiri, na kwenye karatasi itaonekana sahihi.

Nimechagua njia hii: kichwa cha habari na marejeo ya sheria yabaki katika sura ya kiofisi, lakini kila sentensi inayomtaka mtu afanye jambo iwe na mtendaji mmoja na kitenzi kimoja. Kitenzi chenyewe nimekipima kwa sauti. «Peleka pasipoti yako» ni amri ya mzazi kwa mtoto. «Upeleke pasipoti yako» ina adabu, ila inasikika kama maagizo ya mtu mmoja kwa mwenzake. «Unatakiwa kupeleka pasipoti yako» ndiyo inayobeba uzito wa «nadlezhit», ambalo kwa Kirusi ni wajibu usio na mjadala.

Saa 5:40. Nimegundua shimo. Tangazo linasema nyaraka ziwasilishwe «v ustanovlennyi srok», yaani katika muda uliowekwa, lakini haliutaji muda huo popote. Lugha ya kiofisi hulifunika shimo la namna hii vizuri sana, kwa sababu sentensi inasikika imekamilika. Nikiiandika kwa Kiswahili cha kawaida, swali linajitokeza lenyewe: lini? Si kazi yangu kubuni jibu, wala kulichukua kutoka kwenye sheria na kulipachika, maana chuo huwa na muda wake wa ndani ambao ni mfupi zaidi. Nimempigia mteja. Amekwenda kuuliza, akarudi: siku 3 za kazi tangu mwanafunzi alipovuka mpaka, na hata katika nakala ya Kirusi wataongeza mstari huo.

Swali la muda linanigusa kwa sababu ya kosa langu mwenyewe la miaka ya mwanzo. Kirusi kina «v techenie», lenye maana ya ndani ya muda fulani, na «po istechenii», lenye maana ya baada ya muda huo kwisha; yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa kutiririka, na katika barua ndefu jicho huyachanganya. Niliandika «ndani ya siku 10» palipokuwa na «baada ya siku 10 kupita», na mtu akafuata jibu lake mapema, akakuta halipo, akalazimika kusafiri tena. Tangu hapo kila tarehe na kila muda nausoma mara ya mwisho peke yake, bila sentensi inayouzunguka.

Saa 7:30 mchana. Baada ya chakula nimeshughulikia onyo la mwisho wa tangazo: «ili kuepuka kutiwa katika wajibu wa kiutawala». Kwa Kiswahili maneno hayo hayana maana, kwa kuwa «utawala» kwetu huleta picha ya ofisi ya mkuu wa idara, na mwanafunzi anaweza kudhani ataitwa na mlezi wa bweni. Nikiandika «mtashtakiwa», nimewatisha kupita kiasi, maana hili si kosa la jinai. Ukweli uko katikati: ni kosa chini ya Kanuni ya Makosa ya Kiutawala, ibara ya 18.8, na adhabu yake ni faini, ambayo katika hali fulani huambatana na kuondolewa nchini. Nimeandika hivyo hivyo, na namba ya ibara nimeiacha, ili anayetaka kuuliza kwa mwanasheria awe na mahali pa kuanzia.

Saa 9:00. Kazi ya pili ya leo ni fupi, lakini inataka mkono tofauti kabisa. Ni jibu la ofisi ya serikali kwa mzazi aliyeandika maombi kuhusu mwanawe. Sheria namba 59-FZ ya mwaka 2006 inaitaka ofisi ijibu maombi ya maandishi ndani ya siku 30 tangu yaandikishwe. Tafsiri hii itapigwa muhuri na kuingia kwenye faili, kwa hiyo hapa silainishi kitu: namba ya barua, nafasi ya muhuri, mpangilio wa aya, hata urefu wa sentensi ninajaribu kuufuata. Barua inafungwa kwa maneno «ne predstavlyaetsya vozmozhnym», ambayo ni namna ya Kirusi ya kusema hapana bila kumtaja aliyekataa. Mazoea ya barua zetu yalinisukuma kuandika «tunasikitika kukufahamisha». Nikajizuia, kwa kuwa katika Kirusi hakuna masikitiko yoyote, na mzazi akiyaona anaweza kudhani mlango uko wazi kidogo. Nimeandika: «Haiwezekani kulikubali ombi lako.»

Saa 10:45 jioni. Nimempigia kijana mmoja wa jirani aliyemaliza kidato cha sita, ambaye hajui lolote kuhusu Urusi.

«Shikamoo, dada.»

«Marahaba. Nakusomea tangazo, halafu uniambie kesho asubuhi utafanya nini.»

Nikamsomea: «Mwanafunzi wa kigeni, unatakiwa kupeleka pasipoti yako na kadi ya uhamiaji kwa mwenyeji wako kisheria, yaani chuo, ndani ya siku 3 za kazi tangu ulipoingia Urusi, ili chuo kikuandikishe mahali unapokaa kwa muda.»

«Napeleka pasipoti na hiyo kadi chuoni,» akajibu. «Ila dada, chuoni kwa nani? Chuo ni kikubwa.»

Saa 11:10. Nimemwandikia mteja anipe namba ya chumba na saa za kupokea wanafunzi. Amejibu haraka, akaongeza ombi: wenzake wanaona «unatakiwa» ni kali, je, tuweke «tunakuomba»? Nimemweleza kwamba katika barua za Kirusi «prosim» huweza kuwa amri iliyovikwa heshima na kila Mrusi anajua hivyo, lakini Mswahili akiombwa anaweza kukataa kwa adabu vilevile, na tangazo lake la Kirusi halikutumia «prosim» bali «nadlezhit». Amekubali. Nimeingiza namba ya chumba, nikasoma siku 3 peke yake kwa mara ya mwisho, nikatuma.