Kichwa cha chati kinachosema kilichogunduliwa: uzoefu wangu na chati ya muda wa kusubiri

Chati niliyopewa nitengeneze kwa ajili ya ripoti ya mwaka ya kliniki ilikuwa na mistari miwili tu: mmoja wa muda ambao wagonjwa walisubiri mapokezi, mwingine wa muda waliosubiri maabara, kwa wastani wa kila mwezi. Rasimu iliyokuwapo ilibeba kichwa "Wastani wa Muda wa Kusubiri kwa Mwezi, Januari hadi Desemba". Hakuna neno la uongo katika kichwa hicho, lakini kinarudia yale ambayo mihimili imekwisha kuyasema, na msomaji anaachiwa kazi ya kutafuta mwenyewe ni jambo gani limemfanya mtu achore chati hiyo.

Kipimo changu cha kwanza ni kuuliza kama kichwa kinaweza kupingwa. "Wastani wa muda wa kusubiri" hakiwezi kupingwa na mtu yeyote, kwa kuwa hakina kitenzi wala dai. Sentensi kamili inaweza kupingwa, na ndiyo maana inamlazimu mwandishi kurudi kwenye takwimu kuhakikisha kwamba inasimama. Mwenzangu wa kitengo cha maabara alipendekeza hii: "Mashine mpya yapunguza kwa nusu muda wa kusubiri maabara". Ilikuwa fupi, ilikuwa na kitenzi, na ilivutia. Tukaanza kuipima neno kwa neno.

Neno "nusu" lilitokana na kulinganisha Januari, dakika 64, na Desemba, dakika 31. Kulinganisha mwezi wa kwanza na wa mwisho peke yake ni hatari, kwa sababu mwezi mmoja wenye msongamano usio wa kawaida unaweza kubeba dai lote. Nilichukua miezi mitatu ya mwanzo (64, 61 na 58) na mitatu ya mwisho (34, 34 na 31), nikapata wastani wa dakika 61 dhidi ya 33, yaani upungufu wa asilimia 46. Hesabu hiyo inaipa kila mwezi uzito sawa, jambo linalokubalika pale ambapo idadi ya wagonjwa haitofautiani sana mwezi hadi mwezi. Ikitofautiana sana, ni lazima kurudi kwenye kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja. Kwa hiyo "kwa nusu" ikawa "karibu nusu". Neno hilo moja la kupunguza makali halikuharibu kichwa hata kidogo.

Maneno "mashine mpya" yalikuwa na shida kubwa zaidi, na hapa ndipo usafishaji wa chati uliponisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Rasimu ilikuwa na mistari ya gridi ya wima na ya mlalo, yote ya kijivu kilichokolea na minene karibu sawa na mistari ya takwimu, fremu nyeusi pande zote nne, na ufunguo wa rangi uliofungiwa ndani ya kisanduku upande wa kulia. Jicho lilikuwa linakutana na vyumba vidogo vidogo kabla halijauona mwelekeo wowote. Nilitumia Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora chati, na mistari ya msimbo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi ni hii:

```python
ax.spines[['top', 'right', 'left']].set_visible(False)
ax.grid(axis='y', color='#DDDDDD', linewidth=0.6)
ax.set_axisbelow(True)
ax.set_ylim(0, 70)
ax.set_yticks([0, 20, 40, 60])
```

Mstari wa kwanza unaondoa fremu na kubakiza upande wa chini tu, ambako miezi inakaa. Wa pili unachora gridi ya mlalo peke yake, nyembamba na hafifu, na wa tatu unaisukuma nyuma ya takwimu. Ufunguo niliuondoa kabisa, nikaandika "Maabara" na "Mapokezi" mwishoni mwa kila mstari kwa rangi ya mstari wenyewe, ili msomaji asilazimike kwenda na kurudi.

Baada ya hapo mteremko ulionekana wazi: Aprili dakika 60, Mei 52, Juni 45. Mashine mpya ilianza kazi Julai. Sehemu kubwa ya upungufu ilikuwa imekwisha kutokea kabla mashine haijawashwa, na mstari mmoja wa wima wa gridi nzito ulikuwa umepita pale pale ambapo mteremko ulianza, ukauficha. Takwimu za jedwali zilikuwa zinasema hivyo tangu mwanzo, lakini ni wachache wanaosoma jedwali kwa ajili ya kutafuta mwezi ambao mwelekeo ulibadilika. Tulichoweza kusema ni kwamba muda ulipungua. Kwa nini ulipungua, chati ya aina hii haiwezi kuthibitisha, hata kama mashine ingefika Aprili. Kichwa kikawa hiki:

"Kusubiri maabara kumepungua kwa karibu nusu tangu Aprili; mapokezi hayajabadilika"

Chini yake, kwa herufi ndogo zisizokolezwa, niliandika kipimo na kipindi: "Wastani wa dakika kwa mgonjwa, kila mwezi, Januari hadi Desemba". Maelezo yale ya rasimu hayakutupwa, yalishuka daraja. Kichwa chote nilikipanga kuanzia kushoto kwa `loc='left'`, nikakikata kwa mkono katika mistari miwili, kwa kuwa Matplotlib haikunji kichwa kirefu yenyewe bali hukiacha kitoke nje ya picha.

Kuna uamuzi mmoja ambao kichwa chenyewe kiliulazimisha. Kwa chati ya mistari, mhimili wa wima si lazima uanzie sifuri. Lakini kichwa kinaposema "karibu nusu", macho yataipima nusu hiyo kwa kimo, na kama mhimili ungeanzia dakika 25, kushuka kutoka 61 hadi 33 kungeonekana kama kuporomoka kwa zaidi ya robo tatu. Ndiyo maana niliweka `set_ylim(0, 70)`.

Katika kupunguza vitu nilijaribu pia kuondoa gridi yote na kuandika thamani mwanzoni na mwishoni mwa kila mstari tu. Ilipendeza, lakini msimamizi wa maabara alitaka kujua Agosti ilikuwaje, na hakuwa na pa kushika: hakuweza kusema kama ni 35 au 45. Mistari mitatu hafifu, kwenye 20, 40 na 60, ilitosha kumpa makadirio. Rangi nayo inategemea mahali chati itakapoonyeshwa. Kijivu cha `#DDDDDD` kinasomeka vizuri kwenye kioo cha kompyuta, ila projekta dhaifu hukifuta kabisa, na kwa toleo la ukutani nilikikoleza hadi `#BBBBBB`.

Kliniki ina pia dashibodi inayojisasisha kila mwezi kwa takwimu zile zile. Huko niliacha kichwa cha maelezo kama kilivyokuwa, kwa sababu takwimu za Februari zinaweza kulipindua dai la Desemba huku hakuna mtu aliyekaa kulisoma upya, na kichwa kinachopingana na mstari ulio chini yake ni kibaya kuliko kichwa kisichosema lolote. Usafishaji wa gridi na fremu, hata hivyo, niliuhamishia huko wote.